Kupima mkunjo wa fononi za shaba kwa nyutroni, kutoka kitovu cha kanda hadi ukingoni

Atomi za fuwele hazitikisiki kila moja kivyake. Moja ikisogea huvuta jirani zake, na mtikisiko husafiri kama wimbi. Nishati ya wimbi hilo huja kwa mafungu yanayoitwa fononi. Mkunjo wa fononi ni grafu inayoonyesha nishati ya fungu moja ikibadilika kadiri wimbi linavyofupika, katika mwelekeo mmoja uliouchagua ndani ya fuwele. Wimbi likiwa refu, mkunjo ni mstari mnyoofu na mwinamo wake ni kasi ya sauti. Likifupika hadi kukaribia umbali kati ya tabaka za atomi, mkunjo huinama, na namna unavyoinama hukueleza nguvu zinazozifunga tabaka hizo.

Nyutroni zinafaa kwa kazi hii kwa sababu urefu wa wimbi lake unalingana na umbali kati ya atomi, na papo hapo nishati yake inalingana na ya fononi. Nyutroni inayounda fononi hutoka ikiwa imepungukiwa nishati kwa kiasi kinachopimika bila shida. Bertram Brockhouse aliijenga mbinu hii kule Chalk River, Kanada, katika miaka ya 1950, na mwaka 1994 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia pamoja na Clifford Shull.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tu: tawi la kingamo la shaba, yaani lile ambalo atomi hutikisika kukingama njia ya wimbi, katika mwelekeo wa ukingo wa mchemraba wa fuwele. Chombo ni spektromita ya mihimili mitatu, kama IN8 ya Grenoble au PUMA ya Garching karibu na Munich. Ukiweza tawi hili, mengine utayapima kwa mantiki ileile.

Hatua ya 1: Fuwele

Unahitaji fuwele moja, si kipande cha shaba ya kawaida ambacho ndani yake kuna maelfu ya punje zilizogeukia kila upande. Mtawanyo wa fononi ni dhaifu, kwa hiyo fuwele iwe kubwa: mche duara wenye kipenyo cha sentimita moja na urefu wa sentimita chache unatosha. Usitamani unene zaidi ya huo. Kwa nyutroni za nishati tutakayotumia, ufyonzaji peke yake hula karibu theluthi moja ya nyutroni katika kila sentimita ya shaba, na nyingine hutawanyika mara mbili kabla ya kutoka na kukuachia hesabu zisizo na maana.

Kagua pia kama vipande vidogo vya ndani ya fuwele vimeelekea upande mmoja. Tofauti kati yao ikizidi nusu digrii, vilele vya tawi la kingamo vitapanuka, na hutajua kama upana ni wa fononi au wa fuwele.

Shaba hugeuka kuwa na mnururisho inapokaa mbele ya nyutroni. Shaba-64 inayoundwa hupungua kwa nusu kila baada ya saa 12.7. Kwa hiyo mwisho wa jaribio fuwele haishikwi kwa mkono mpaka ipimwe, na mara nyingi hungoja siku kadhaa kabla ya kuondoka ukumbini. Panga ratiba yako ukijua hilo, hasa kama unataka kuifunga upya fuwele hiyohiyo kwa mwelekeo mwingine.

Hatua ya 2: Chagua bamba la mtawanyo

Spektromita hii husogea katika bamba la mlalo tu. Kila badiliko la mwendo wa nyutroni, vekta tunayoiita `Q`, lazima lilale ndani ya bamba hilo. Unavyoifunga fuwele ndivyo unavyoamua mapema ni mielekeo gani utaiona na ipi itafichika.

Kwa kazi yetu funga fuwele ili mhimili `[001]` uwe wima. Bamba la mlalo litakuwa na pointi zote za aina `(h k 0)`. Shaba ina mpangilio wa mchemraba wenye atomi katikati ya kila uso, na ukingo wa mchemraba ni angstromu 3.615, kwa hiyo kipimo cha msingi cha bamba hili ni 2π/3.615, yaani 1.738 kwa kila angstromu. Vilele vya Bragg, yaani pointi ambako fuwele huakisi nyutroni kwa nguvu bila kubadili nishati, vinavyoruhusiwa katika bamba hili ni `(200)`, `(020)`, `(220)` na wenzao. `(100)` na `(110)` haviruhusiwi.

Hatua ya 3: Chagua pahali ambapo tawi moja tu linasikika

Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa, na ndipo ninapoona wengi wakiharakisha. Ukali wa ishara ya fononi unategemea mraba wa `Q·e`, ambapo `e` ni upande ambao atomi zinatikisikia. Maana yake ni kwamba nyutroni huona mtikisiko ulio sambamba na `Q` tu. Atomi ikitikisika kukingama `Q`, nyutroni haiioni hata kidogo.

Sasa anza kwenye `(200)` na utembee kuelekea `[010]`, yaani chukua `Q = (2, ξ, 0)`. Namba ξ inaeleza ufupi wa wimbi: sifuri ni kitovu cha kanda, ambako wimbi ni refu mno, na moja ni ukingo wa kanda, ambako ni fupi kuliko yote. Wimbi la fononi ni sehemu iliyozidi kilele cha Bragg, kwa hiyo ni `(0, ξ, 0)`: linasafiri kufuata `[010]`. Lakini `Q` yenyewe karibu yote imelala kwenye `[100]`. Atomi zinazotikisika kufuata `[100]` zinakingama njia ya wimbi na papo hapo zinalandana na `Q`. Hilo ndilo tawi la kingamo, na litasikika kwa nguvu. Tawi la urefu, ambalo atomi huenda mbele na nyuma katika njia ya wimbi, lina sehemu ndogo tu ya `Q` ya kutegemea. Kwa ξ = 0.4, uwiano wa `Q·e` ni 2 kwa 0.4, na ukiupandisha kwenye mraba unakuwa 25 kwa 1. Tawi la kingamo la pili, ambalo atomi zake hutikisika wima, halionekani kabisa katika bamba hili. Kwa mwelekeo huu hupotezi kitu, kwa sababu mawili hayo yana nishati sawa.

Ungetaka tawi la urefu, ungechukua `Q = (2+ξ, 0, 0)`. Hapo `Q` na wimbi vinafuata mstari mmoja, na la kingamo ndilo linalozimika.

Hatua ya 4: Kadiria nishati kabla ya kuitafuta

Usiingie ukumbini bila kujua kilele kitakuwa wapi. Muda wa kinu cha nyuklia ni mchache, na kutafuta gizani huula wote.

Shaba inajulikana vizuri. Uthabiti wake wa kukatwa, C44, ni takriban gigapaskali 75.4, na msongamano ni kilo 8960 kwa mita ya ujazo. Gawanya, tafuta kipeuo cha pili, upate kasi ya sauti ya kingamo: mita 2900 kwa sekunde. Ikiwa kila tabaka la atomi lingevutana na tabaka la jirani tu, mkunjo ungekuwa sini: nishati ya ukingoni mara sini ya πξ/2. Ulazimishe mwinamo wa mwanzo ulingane na kasi ya sauti, na nishati ya ukingoni itatoka kama milielektronivolti 21.1, yaani 21.1 meV. Kipimo halisi cha shaba kiko karibu na 21.2. Makadirio haya rahisi yana bahati katika tawi hili, lakini usiyaamini kiasi hicho kwa risasi wala kwa niobi, ambako nguvu hufika mbali zaidi ya tabaka la kwanza na mkunjo una mabonde yake.

Kwa ξ = 0.4 sini ni ya digrii 36, kwa hiyo tunatazamia kilele karibu na 12.4 meV.

Hatua ya 5: Funga pembetatu

Nyutroni inaingia na vekta `ki`, inatoka na `kf`, na tofauti yao lazima iwe `Q`. Vekta hizo tatu ni pembetatu, na pembetatu ina masharti yake: upande mmoja hauwezi kuzidi jumla ya mingine miwili. Mara nyingi hapo ndipo mpango mzuri wa karatasini unapokufa.

Tutaishikilia nishati ya kutokea kwenye 14.68 meV, ambayo ni `kf` ya 2.662, na kubadilisha ya kuingilia. Namba hiyo haikuokotwa. Fuwele za grafiti zinazochagua nishati, yaani monokromata kabla ya sampuli na kichanganuzi baada yake, hupitisha pia nyutroni zenye `k` mara mbili na mara tatu, na kichujio cha grafiti huzizuia zote mbili vizuri hasa katika nishati hiyo. Kiweke kati ya sampuli na kichanganuzi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Ndani yake `d` ni umbali kati ya tabaka za grafiti, na 2.072 hugeuza mraba wa `k` kuwa meV:

```python
from math import pi, sqrt, acos, asin, degrees
a, kf, d = 3.615, 2.662, 3.354
h, k, l, E = 2, 0.4, 0, 12.4
Q = 2*pi/a*sqrt(h*h + k*k + l*l)
ki = sqrt(kf**2 + E/2.072)
sampuli = degrees(acos((ki**2 + kf**2 - Q**2)/(2*ki*kf)))
mono = 2*degrees(asin(pi/(d*ki)))
print(round(Q,3), round(ki,3), round(sampuli,1), round(mono,1))
```

Jibu ni `Q` ya 3.545, `ki` ya 3.615, pembe ya mtawanyo ya digrii 66.8, na pembe ya monokromata ya digrii 30.0. Kwamba `ki` imefanana na ukingo wa mchemraba ni sadfa tu. Kichanganuzi hubaki kwenye digrii 41.2 muda wote, kwa sababu `kf` haibadiliki. Pembe zote hizi zinafikika.

Jaribu sasa kuweka `(400)` badala ya `(200)`. `Q` inakuwa 6.95, wakati `ki` na `kf` zikiwa sawa jumla yao ni 5.32 tu. Pembetatu haifungi, na programu itakupa kosa la `acos`. Inasikitisha, kwa sababu `Q` kubwa ingeongeza ishara mara nne, lakini kwa `kf` hii haiwezekani mpaka nishati ya fononi izidi takriban 23 meV.

Hatua ya 6: Ipange fuwele

Weka nishati ya kuingia na kutoka sawa, kisha tafuta `(200)`. Inapaswa kuwa kwenye pembe ya mtawanyo ya digrii 81.5. Zungusha fuwele mpaka kilele kitokee, kisha inamisha goniomita mpaka hesabu ziwe za juu kabisa. Geuza fuwele digrii 90 na ufanye hivyo kwa `(020)`. Rudi kwenye `(200)`, kwa sababu mwinamo wa pili unaweza kuwa umeharibu wa kwanza.

Tofauti ya mzunguko kati ya vilele hivyo viwili isipokuwa digrii 90, acha kila kitu. Ama fuwele ina kipande cha pili ndani yake, ama umekishika kilele kingine. Jaribu pia `(100)`, ambayo hairuhusiwi. Ukiona kilele hapo, ni `(200)` inayoonekana kupitia nyutroni zenye `k` mara mbili, na ni ishara kwamba kichujio hakijawekwa au kimekaa vibaya.

Hatua ya 7: Pima

Shikilia `Q` kwenye `(2, 0.4, 0)` na ubadilishe nishati tu, kutoka 8 hadi 17 meV kwa hatua za 0.4. Mashine itasogeza monokromata, sampuli na mkono wa kigunduzi kwa pamoja ili `Q` isihame. Hesabu kila pointi kwa monita iliyoko kwenye mwali unaoingia, si kwa saa. Usikivu wa monita hupungua kadiri nyutroni zinavyokwenda kasi, na upungufu huo unafuta sawasawa kigezo cha `ki` kilichomo kwenye kanuni ya mtawanyo. Ukihesabu kwa saa, umbo la kilele litapinda kidogo kidogo na utalilaumu jambo lingine.

Upande wa nishati, pima pale nyutroni inapopoteza nishati kwa kuunda fononi, si inapoipata. Kwa 12.4 meV na jotoridi la chumba, upande wa kupoteza una nguvu mara 1.6. Wala usiipoze shaba kwa matumaini ya ishara kubwa. Fuwele ya vuguvugu tayari ina fononi zinazosaidia nyingine kuundwa, na kwenye jotoridi la chini sana ungepoteza zaidi ya nusu ya ishara hii.

Sogea kwa ξ kutoka 0.2 hadi 1. Ishara hupungua haraka nishati inapopanda, takriban kwa mraba wa nishati, kwa hiyo pointi ya ukingoni inataka muda mrefu mara kadhaa kuliko ya mwanzo. Karibu na kitovu, chini ya ξ = 0.15, geuza mbinu: mkunjo ni mkali na kilele kimezama kwenye mkia wa Bragg. Hapo shikilia nishati na utembeze ξ, upate vilele viwili, kimoja kila upande wa `(200)`, na ugawe umbali kati yao kwa mbili. Kosa dogo la kupanga fuwele linajifuta lenyewe.

Unapofanya hivyo utaona jambo linalowashtua wageni: kilele cha upande mmoja ni chembamba na kirefu, cha upande wa pili ni kipana na kifupi, ingawa fononi ni ileile. Spektromita haipimi pointi, bali kijieneo chenye umbo la yai lililoinama katika nafasi ya `Q` na nishati. Mwinamo wa yai ukifuatana na wa mkunjo, yai lote hugusa mkunjo kwa mara moja na kilele hubana. Ukikingama, hugusa polepole na kilele hupanuka. Pima kwanza `(2, 0.2, 0)` na `(2, -0.2, 0)`, chagua upande uliobana, kisha baki huko kwa tawi zima. Na usiandike kamwe upana wa kilele kama uhai wa fononi kabla ya kuondoa mchango wa yai hilo.

Hatua ya 8: Tofautisha fononi na kilele cha uongo

Kuna vilele ambavyo havitoki kwenye fononi yoyote. Kimoja kinaweza kukadiriwa mapema. Nyutroni yenye `k` mara mbili ya `ki` inaweza kupita monokromata, itawanyike kwenye sampuli bila kubadili nishati, kisha ipokewe na kichanganuzi kama yenye mara tatu ya `kf`. Hilo linatokea pale `2ki = 3kf`. Kwa nishati yetu ya kutokea, nishati ya kuingia ni 33.0 meV, na kompyuta itaiandika kama fononi ya 18.35 meV.

Sasa rudi kwenye makadirio ya hatua ya 4: tawi letu linapita 18.35 meV karibu na ξ = 0.67. Kwa hiyo katika eneo hilo kilele cha uongo kinaweza kukaa juu ya cha kweli, kikakiongeza na kukivuta, na mkunjo ukapata kijivimbe ambacho mtu anaweza kukitolea maelezo ya fizikia. Alama ya kukitambua ni kwamba hakisogei. Pima ξ = 0.6, 0.67 na 0.75: fononi itahama kutoka 17.1 hadi 19.5 meV, na kilichobaki palepale kwenye 18.35 si fononi. Kichujio kikiwa kimekaa sawa, kinapaswa kuwa kidogo sana.

Aina ya pili inahamahama, na ndiyo ya hatari zaidi. Wakati mwingine fuwele hukaa kwa bahati katika pembe ya Bragg kwa nyutroni za `ki`. Mwali mkali unakwenda kwenye kichanganuzi, nacho kinautawanya ovyo mpaka sehemu inaingia kwenye kigunduzi. Geuza kichanganuzi peke yake digrii chache: fononi ya kweli hutoweka, mtawanyo wa ovyo hubaki. Njia nyingine ni kubadilisha nishati ya kutokea kidogo na kupima upya. Fononi hukaa kwenye nishati yake, kilele cha uongo huhama.

Hatua ya 9: Kutoka vilele hadi nguvu

Linganisha kila kilele na umbo la kengele juu ya usuli unaoinama, usome kitovu chake. Kisha angalia ulinganifu: `(2, 0.8, 0)` na `(2, 1.2, 0)` ziko pande mbili za ukingo wa kanda, na zinapaswa kutoa nishati ileile. Zikipishana zaidi ya kosa la kipimo, fuwele yako haijapangwa vizuri au pembe ya sifuri ya mkono mmoja imehama.

Chora mraba wa nishati, si nishati yenyewe, dhidi ya ξ. Mraba huo ni jumla ya vipande vya umbo `1 - cos(nπξ)`, kila kimoja kikiwa na mgawo wake, na mgawo wa `n` ni nguvu kati ya tabaka na tabaka la `n` kutoka hapo. Anza na `n = 1` peke yake. Shaba katika tawi hili itakaa karibu kabisa. Ongeza `n = 2` ikiwa tu mabaki yanaonyesha mawimbi yanayozidi makosa yako, si kwa sababu mstari utapendeza zaidi.

Ukihamia mwelekeo wa `[110]` bamba letu halitatosha. Huko matawi mawili ya kingamo si sawa tena: moja huanza na kasi ya sauti ya mita 2900 kwa sekunde, lingine takriban 1620. La polepole, ambalo atomi zake hutikisika kufuata `[1-10]`, linapimika katika bamba hili karibu na `(220)`. La haraka hutikisika wima, na `Q` ya mlalo haiwezi kuliona. Lazima fuwele ifungwe upya, `[1-10]` ikiwa wima, kisha upime kwenye `Q = (ξ, ξ, 2)`, shaba-64 ikiwa imepungua kiasi cha mtu kuruhusiwa kuishika.